Bodi Ni Kijani, Lengo Liko Wapi?

Kila sprinti inayofunguliwa kwenye Jira huja na kisanduku kidogo kilichoandikwa `Sprint goal`. Kisanduku hicho hakimlazimishi mtu. Kiache kitupu, Jira itanyamaza na sprinti itaanza kama kawaida. Ndiyo maana katika ofisi za programu za Ngong Road, Kilimani na Westlands kimegeuka kuwa jalala la maneno. Nimesoma humo "Kumaliza tiketi zote". Nimesoma "Kuboresha mfumo". Nimesoma pia "Malipo, ripoti, skrini ya kuingilia na marekebisho mengine", na hilo la mwisho naliita lengo la githeri: mahindi yamo, maharagwe yamo, na atakayebahatika kupata kiazi ashukuru Mungu.

Yote matatu nayacheka waziwazi, maana nimeona yanavyowakesha watu. "Kumaliza tiketi zote" linaisha maana siku ya pili, tiketi moja inapogundulika ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa. "Kuboresha mfumo" haliwezi kushindwa, kwa hiyo haliwezi kumsaidia mtu kuamua lolote. Na la githeri lina matatizo ya yote mawili, maana kila mtu huchagua punje yake, na wiki mbili zikiisha kila mmoja ameshiba ila mteja.

Huu basi ni mwongozo wa kuandika lengo linaloweza kuvunjika, na kulikagua katikati ya safari, lingali na uhai wa kuokolewa.

Anza na mtu anayeweza kukasirika

Tuchukue mfano mmoja tuende nao hadi mwisho. Timu ya watu sita ina ofisi Kilimani: watengenezaji wanne, mmoja wao akiwa pia skramu masta, mpimaji mmoja na mwenye bidhaa. Mteja wao ni muuzaji wa jumla wa vifaa vya simu katika Luthuli Avenue, mtaa ambao Nairobi nzima inaujua kwa elektroniki. Wanunuzi wake ni wenye maduka madogo ya Kawangware, Kangemi na Dagoretti, wanaoagiza chaja, kava na spika kwa WhatsApp.

Malipo yao huenda hivi. Mwenye duka analipa kwa namba ya tili. Anapokea meseji ya M-Pesa. Anaipiga picha ya skrini na kuituma WhatsApp. Karani wa Luthuli anaitazama picha, anamwomba mwenzake athibitishe kwenye simu ya duka kama pesa imeingia kweli, kisha anaita kijana wa stoo afunge mzigo. Asubuhi ya Jumatatu picha hizo hujazana, na ndani yake hupenya meseji moja ya uongo iliyochongwa na mjanja fulani. Hapo mzigo wa elfu kumi na tano hupanda boda na pesa haionekani ng'o.

Timu imepewa wiki mbili. Siku ya kupanga, mtu wa kwanza atapendekeza lengo hili: "Kuunganisha mfumo na M-Pesa." Mkatae kwa upole lakini mkatae. Mfumo unaweza kuunganishwa na M-Pesa na karani akaendelea kutazama picha za WhatsApp hadi Krismasi. Uliza badala yake: ni nani atakayekasirika tusipofanikiwa, naye atakuwa amenyimwa nini? Jibu ni karani wa Luthuli na mwenye duka wa Kawangware. Kwa hiyo lengo liandikwe kwa majina ya kazi zao:

"Mwenye duka Kawangware alipe oda yake kwa M-Pesa kutoka kwenye simu yake, na karani wa Luthuli aone imelipwa, bila picha ya meseji kutumwa WhatsApp."

Lina mtu, lina jambo atakaloweza kufanya, na lina kitu kitakachokoma kutokea. Kipande hicho cha tatu, "bila picha ya meseji", ndicho nakithamini kuliko vyote. Ndicho kinachoweza kushuhudiwa na mtu yeyote atakayepanda matatu hadi mjini, asimame karibu na kaunta nusu saa na kuhesabu. Hahitaji kuifungua Jira.

Kabla hamjaliandika kwenye kisanduku, lipimeni kwa swali moja: ni kadi zipi tunaweza kuzitupa na lengo bado likafikiwa? Kama hakuna hata moja, mmeandika orodha ya kazi mkaiita lengo. Kama mnaweza kuzitupa zote, mmeandika maombi. Katika mfano wetu sprinti ina kadi za jumla ya pointi 34. Kadi tano tu, zenye pointi 16, ndizo zinazobeba lengo. Pointi 18 zilizobaki ni kazi njema za pembeni: rangi mpya za duka, ripoti ya mauzo ya mwezi, maneno ya skrini ya kuingilia, na kadhalika.

Wapo watakaolalamika kwamba chini ya nusu ni kidogo mno kwa lengo. Mimi naona ni kipimo kizuri. Sprinti iliyojazwa kadi za lengo hadi ukingoni haina cha kutupa mambo yanapokwenda mrama. Hizo 18 za pembeni ndizo akiba yenu.

Kadi tano za lengo ni hizi. Ya kwanza inatuma ombi la malipo kwenye simu ya mnunuzi, lile dirisha la `STK Push` linalomtaka aweke PIN, pointi 3. Ya pili inapokea majibu ya M-Pesa na kuyalinganisha na oda, pointi 5. Ya tatu inauliza hali ya malipo endapo majibu hayakufika, pointi 3. Ya nne ni skrini ya karani; pointi 3. Ya tano ni kuhama kutoka mazingira ya majaribio ya Daraja, yaani `sandbox`, kwenda kwenye pesa halisi. Hiyo ilipewa pointi 2, kwa hoja kwamba ni kujaza fomu tu. Iangalie vizuri kadi hiyo ya tano, maana itarudi na makali.

Kila moja ya hizo tano ipachikeni lebo kwenye Jira. Neno `lengo` linatosha. Ni kazi ya dakika moja siku ya kupanga, na bila hiyo ukaguzi wa katikati utakuwa ubishi wa kumbukumbu.

Usiiamini chati inayokufurahisha

Sprinti yetu ilianza Jumatano. Siku kumi za kazi, kwa hiyo inaisha Jumanne ya wiki ya tatu kwenye kalenda, na saa nane mchana siku hiyo mwenye mali wa Luthuli ataonyeshwa kazi. Asubuhi ya Jumatano ya pili siku tano zimekwisha, zimebaki nne na nusu.

Ken Schwaber na Jeff Sutherland, waandishi wa mwongozo rasmi wa Skramu, hawakuweka kikao maalumu cha katikati ya sprinti. Kwao, kikao cha kila siku cha dakika 15 kipo kwa ajili hiyo hasa: kukagua mwendo kuelekea lengo na kubadilisha mpango. Na katika toleo lao la Novemba 2020 wakalipa lengo la sprinti uzito zaidi, wakisema hilo ndilo ahadi ya timu. Orodha ya kadi ni mpango tu. Kadi zinaweza kujadiliwa upya na mwenye bidhaa kadiri watu wanavyojifunza, mradi lengo lisihatarishwe.

Lakini tuseme ukweli kuhusu vikao vya asubuhi vya mjini. Vimekuwa vikao vya kuitikia majina. "Jana nilifanya hiki, leo nafanya kile, sina kizuizi." Mmoja anasema akiwa ndani ya matatu ya 46, maikrofoni inaleta muziki kuliko sauti yake. Mwingine "hana kizuizi" ilhali kadi yake haijasogea tangu Ijumaa. Ndiyo maana naisisitizia kila timu itenge nusu saa ya asubuhi ya siku ya sita kwa swali moja tu: je, tunavyokwenda, karani wa Luthuli atapata alichoahidiwa?

Timu yetu inafungua bodi. Safu ya `Done` imejaa kijani. Katika pointi 34, 18 zimefungwa. Ukifungua `Burndown Chart`, mstari wa kazi iliyobaki uko chini kidogo ya ule mstari wa kijivu wa mwendo unaotarajiwa. Kila mtu anatabasamu. Mwenye bidhaa anataka kumtumia mwenye mali ujumbe kwamba wamevuka nusu.

Asitume. Chati hiyo haijui lengo lenu. Inahesabu pointi, na pointi ya rangi ya duka ina uzito uleule wa pointi ya malipo. Kinachoweza kujibu ni orodha ya kadi za lengo peke yake, ambazo hazijaisha, iliyopangwa kuanzia iliyosahaulika zaidi:

```
sprint in openSprints() AND labels = lengo
AND statusCategory != Done ORDER BY updated ASC
```

Wakiiweka hiyo kwenye kisanduku cha kutafutia, zinatokea kadi nne kati ya tano. Katika zile pointi 18 zilizofungwa, 15 ni za pembeni na 3 tu ni za lengo. Kwa hiyo timu imevuka nusu ya kazi na haijafika hata robo ya ahadi.

Hili hutokea kila mara, na si kwa sababu watu ni wavivu. Kadi za pembeni ni rahisi, hazimngoji mtu, na kufunga kadi ni raha. Mtengenezaji aliyekwama kwenye malipo saa nne asubuhi huenda kubadilisha rangi ili jioni awe na cha kusema. Usimkaripie. Mwonyeshe orodha hiyo.

Orodha ya pili inatafuta kadi zilizoganda:

```
sprint in openSprints() AND labels = lengo
AND status = "In Progress" AND NOT status changed AFTER -3d
```

Natumia `status changed` kwa makusudi. Watu wengi hutafuta kwa `updated`, na kadi ikiandikwa maoni "bado naifanyia kazi" inaonekana mbichi kana kwamba imesogea. Maoni hayaisogezi kadi safu. Hapa inatokea moja: kadi ya pili, ya kupokea majibu ya M-Pesa, iliyokaa `In Progress` tangu Ijumaa.

Vidole kabla ya maneno

Kabla mtu hajaanza kueleza, pigeni kura ya vidole. Skramu masta anahesabu moja, mbili, tatu, na wote wanainua mkono kwa pamoja. Vidole vitano maana yake nina hakika tutafikia lengo. Kimoja maana yake halitafikiwa. Ni lazima iwe kwa pamoja. Mkubwa akitangulia kuinua vitano, yule kijana aliye kwenye mafunzo ya kazi atainua vitano pia hata kama ndiye aliyeona moshi.

Katika mfano wetu watengenezaji wanainua vinne, vinne, vitatu, vitatu. Mwenye bidhaa vitano. Mpimaji anainua viwili.

Sheria ni kwamba mwenye vidole vichache ndiye anayezungumza kwanza, na hakatizwi. Hapo ndipo timu nyingi huharibu: husikiliza wastani, zikasema "tuko tatu na nusu, si mbaya," zikaenda kunywa chai. Wastani hauna habari. Mwenye viwili anayo.

Mpimaji anasema hivi: "Kadi ya kwanza imefungwa, lakini mimi sijawahi kuona malipo yakikamilika. Niliambiwa nipime kama dirisha la PIN linatokea. Linatokea. Basi nikaipitisha."

Wanafungua kadi hiyo ya kijani na kutazama kilichoitwa mafanikio:

```
"ResponseCode": "0",
"ResponseDescription": "Success. Request accepted for processing"
```

Sifuri hiyo imewadanganya wengi. Maana yake ni kwamba Daraja imepokea ombi lako na italishughulikia. Pesa haijasogea hata shilingi moja. Mnunuzi bado anaweza kughairi, anaweza kukosea PIN, anaweza kuwa na simu iliyozimwa. Jibu la kweli huja baadaye, kwa anwani uliyoitaja kwenye `CallBackURL`, likiwa na `ResultCode` yake. Sifuri ya hapo ndiyo malipo. `1032` ni mnunuzi aliyeghairi, na `1037` ni simu ambayo haikupatikana.

Na kuna kubwa kuliko hilo. Ombi linapopokelewa, Daraja hurudisha pia namba iitwayo `CheckoutRequestID`. Namba hiyohiyo ndiyo hurudi pamoja na jibu la mwisho, na ndiyo kamba ya kuaminika inayoliunganisha jibu na oda iliyolipiwa. Kadi ya kwanza haikuihifadhi popote. Kwa hiyo aliyekuwa na kadi ya pili amekaa tangu Ijumaa akipokea majibu asiyoweza kujua ni ya nani, akijaribu kuyalinganisha kwa namba ya simu na kiasi. Mwenye duka mmoja akiagiza mara mbili kwa bei ileile, mpango huo umekufa. Yeye alidhani tatizo ni lake, ndiyo maana kila asubuhi alikuwa "hana kizuizi".

Basi kadi ya kwanza inarudishwa kutoka `Done`. Wengine huona aibu kufanya hivyo kwa sababu chati itapanda. Iacheni ipande. Pointi za lengo zilizokamilika sasa ni sifuri kati ya 16, na ni mara ya kwanza tangu sprinti ianze ambapo bodi inasema kweli.

Kutoka hapa timu yoyote inayohamisha kadi kwenda `Done` iandike kwenye kadi ni nani aliona nini. "Mpimaji ameona oda moja imegeuka kuwa imelipwa" ni ushahidi. "Msimbo umeunganishwa" ni habari za mtengenezaji na kompyuta yake.

Hesabu siku kwa mnyororo, usigawe pointi

Sasa swali gumu: siku nne na nusu zinatosha? Mtu atagawanya pointi kwa siku. Timu imefunga 18 kwa siku tano, zimebaki 16 na tatu zilizorudishwa, jumla 19, kwa hiyo tunakaribia. Hesabu hiyo ingefaa kama watu wanne wangeweza kuzifanya kadi zote kwa wakati mmoja. Hawawezi. Kadi za lengo zinafuatana, na mnyororo haufupishwi kwa kuongeza mikono.

Andikeni mnyororo ubaoni. Kuhifadhi `CheckoutRequestID` ni nusu siku. Kupokea majibu na kuyalinganisha ni siku moja na nusu baada ya hapo. Kuuliza hali ya malipo yaliyopotelea njiani, kama ilivyopangwa, ni siku mbili, maana ilitakiwa mfumo ujiulize wenyewe kila baada ya muda na ujue lini uache. Kisha siku moja ya kujaribu kwa pesa halisi. Jumla ni siku tano. Zipo nne na nusu. Skrini ya karani inaweza kufanywa sambamba, haimo kwenye mnyororo.

Kwa hiyo jibu la uaminifu asubuhi hiyo ni: kwa mpango uliopo, hapana.

Hapa ndipo watu wa mjini hupenda kusema "tutajikaza". Kujikaza maana yake ni kukaa ofisini hadi saa nne usiku, kisha kusimama kituoni Kilimani mvua ikinyesha na nauli imepanda maradufu. Siku mbili za hivyo na mtu anaandika makosa ambayo yatakula siku ya tatu. Nusu siku iliyopungua ikatwe kwenye kazi, na mwenye bidhaa ndiye wa kukubaliana naye wapi pa kukata.

Wanaitazama kadi ya tatu. Lengo linataka karani aone oda imelipwa. Halikusema mfumo ujiulize wenyewe. Kwa hiyo wanaiweka hivi: kwenye skrini ya karani, oda ambayo jibu lake halijafika ina kitufe "Kagua tena", na karani akikibonyeza mfumo unaiuliza Daraja kupitia `/mpesa/stkpushquery/v1/query`. Siku moja badala ya mbili. Karani atabonyeza mara chache kwa siku, kazi ndogo mno ukilinganisha na kutazama picha za WhatsApp. Ile ya kujiuliza yenyewe inarudi kwenye orodha kuu, na mnyororo sasa ni siku nne.

Kadi ya pembeni iliyobaki, yenye pointi 3, inatolewa kwenye sprinti. Aliyekuwa nayo anakaa na yule wa kadi ya pili, kompyuta moja, hadi majibu yaunganishwe na oda.

Kadi inayomngoja mtu wa nje

Imebaki ile ya pointi mbili, "kujaza fomu tu". Ni kweli ni fomu. Lakini kuhamia kwenye pesa halisi kunamhitaji mtu mwenye mamlaka ya msimamizi kwenye akaunti ya M-Pesa ya biashara, na msimbo wa uthibitisho hufika kwenye simu yake. Mtu huyo si mtengenezaji wa Kilimani. Ni mwenye mali wa Luthuli, na mwenye mali wa Luthuli, kama wafanyabiashara wengi wa mtaa ule, kuna wiki huwa Guangzhou akinunua mzigo.

Pointi hupima jasho. Hazipimi kungoja. Kadi yoyote ya lengo inayohitaji sahihi, simu au ruhusa ya mtu aliye nje ya timu ianze siku ya kwanza, hata kama ina pointi sifuri. Timu yetu iliiacha hadi mwisho kwa sababu ilionekana ndogo, na sasa ndiyo inayoweza kuliangusha lengo zima.

Wanahesabu kurudi nyuma. Mnyororo unafika kwenye jaribio la pesa halisi Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo ruhusa iwe imepatikana kufikia Ijumaa saa sita mchana. Mwenye bidhaa anapewa kazi hiyo, na anatakiwa apige simu leo, asitume meseji. China iko mbele ya Nairobi kwa saa tano. Saa nne asubuhi ya Kilimani ni saa tisa alasiri ya Guangzhou, wakati ambao mfanyabiashara bado yuko macho na yuko sokoni.

Na wanakubaliana mapema watafanya nini ikikosekana. Ijumaa saa sita mchana, bila ruhusa mkononi, mwenye bidhaa atamwambia mwenye mali waziwazi kwamba Jumanne hataona pesa halisi, na sababu ni ipi. Nasisitiza waandike saa hiyo kwenye maelezo ya kadi. Timu isiyotaja saa ya kuamua huamua Jumanne saa saba na nusu, mgeni akiwa kwenye lifti.

Kuna kishawishi kimoja cha kukataa kabisa wakati huu: kubadilisha maneno ya lengo. Mtu atasema, "Tuandike kwamba karani aone imelipwa kwenye majaribio." Kisanduku cha Jira kinaruhusu, unaweza kukihariri sprinti ikiendelea, na hakuna atakayepigwa faini. Lakini karani hauzi chaja kwa pesa za majaribio. Lengo likishindwa, lishindwe kwa maneno yake ya awali, ili siku ya kutazama nyuma timu ijue ilishindwa kwa nini: ombi la ruhusa lilichelewa siku tano. Lengo likipoteza maana kabisa, tuseme mwenye mali ameamua kuacha biashara ya jumla, hilo ni jambo jingine, na hapo mwongozo wa Skramu unampa mwenye bidhaa peke yake mamlaka ya kuivunja sprinti.

Kwa timu yetu maana haijapotea. Mwenye bidhaa apige simu, na skramu masta abadilishe ujumbe uliokuwa umetayarishwa kwa mteja. Badala ya "tumevuka nusu" uende hivi: "Malipo bado hayajakamilika hata mara moja kwenye mfumo. Tumepata sababu leo asubuhi na inarekebishwa mchana huu. Tunahitaji dakika kumi zako kwa simu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Ukizipata, Jumanne karani wako ataona oda ya kwanza iliyolipwa. Usipozipata, tutakuonyesha kwa majaribio na pesa halisi itasogea wiki inayofuata."

Kikao kiishe hapo, kabla ya nusu saa kutimia. Kesho yake asubuhi, badala ya kuitikia majina, waifungue ile orodha ya kwanza na kuanza na kadi iliyo juu kabisa: imesogea, au haijasogea, na inamngoja nani?